Gitaa Lenye Kithembe

4 Februari 1991

Dada,

Najua ukiona mwandiko huu utageuza bahasha mara mbili kuhakikisha haijapotea njia. Ni mimi kweli. Sisi hapa tunasukuma siku. Wifi yako bado anashona, na mimi bado niko pale chuo cha udereva, ingawa siku hizi wamenitoa barabarani wamenipa kazi ya kukagua magari na kusahihisha mitihani ya alama za barabara.

Nina ombi moja na nitalisema moja kwa moja. Lile sanduku letu la kulisemesha gitaa, bado unalo? Lile lililokuwa na mrija. Najua liliungua, na najua nani aliliunguza, huna haja ya kunikumbusha. Hata hivyo nalihitaji. Lifunge kwenye gunia, lipe basi la mizigo, nitalipokea stendi.

Usiniulize la nini. Mtu akifika miaka arobaini na sita ana haki ya kutamani kitu chake cha ujana bila kuandikiwa hati ya mashtaka.

Msalimie Mama. Mwambie nimebanwa na kazi, ndiyo maana sipigi simu.

Mdogo wako,
Mrija


15 Februari 1991

Mdogo wangu Mrija,

Barua yako imefika, na kweli niligeuza bahasha mara mbili. Wewe si mtu wa barua. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulikuwa unapiga simu duka la dawa, namshika Mama mkono tunavuka barabara, mnaongea hadi mwenye duka anaanza kukohoa. Tangu Oktoba kimya. Halafu ghafla unaandika, na unachotaka si habari za mama yako bali mpira wa kutia mdomoni.

Hebu nikukumbushe kidogo. Sanduku lile lilikuwa la roki, na la roki ya kujionyesha hasa. Watu wa bendi za dansi walilicheka na walikuwa na haki yao. Gitaa lao ni safi, linadonoa nota fupi fupi usiku kucha bila kupumzika. Utalisemesha wapi? Sauti safi na fupi haina cha kuchonga. Nyinyi mlikuwa na gitaa linalokwaruza, nota moja mnaivuta hadi watu wanashika kichwa, na mtu mmoja amesimama mbele na suruali ya kumbana. Uwanjani, aliye nyuma kabisa haoni vidole vyako, lakini mrija unaotoka sakafuni mpaka mdomoni anauona. Gitaa linauliza, watu elfu nne wanajibu. Lilikuwa jambo la vijana wenye meno imara. Wewe sasa una meno mangapi?

Halafu, kama ulivyosema mwenyewe, liliungua. Niliyekuambia ni mimi. Ulifungulia bezi hadi mwisho wakati nilikukataza, utando ukapasuka, basi. Kuna vumbi tu mle ndani.

Mama anauliza kila siku kwa nini hupigi. Haoni, lakini kalenda yake iko kichwani na haikosei. Namba ya duka la dawa haijabadilika.

Dada yako


24 Februari 1991

Dada,

Nimesoma maneno yako yote, na la meno nimelipokea. Ninayo ya kutosha.

Sitaki kubishana. Kama utando umepasuka, nitumie boksi tupu na lile kanyagio. Mwaka huu chuoni wametupa spika za honi zilizokuwa zinatangazia uwanjani, na kitako cha honi ndicho kile kile ulichotumia wewe, chenye sumaku na utando mdogo ndani. Nitafunga mwenyewe, ukinielekeza kwa barua.

Nimekuwa nikilifikiria sana sanduku lile, Dada, kuliko nilivyolifikiria nikiwa nalo. Watu walidhani ninaimba ndani ya mrija. Hata wenzangu wa bendi walidhani hivyo. Wewe peke yako ulielewa tangu mwanzo kwamba mrija haupokei chochote kutoka kwangu, unaleta tu. Sauti ya gitaa inatoka kwenye kikuza sauti, badala ya kwenda kwenye spika inaingia kwenye sanduku, inapanda mrija, inanifikia mdomoni. Mimi kooni nimenyamaza kabisa. Kazi yangu ni kufungua na kufunga mdomo, kusogeza ulimi, kana kwamba naongea. Gitaa linatoa mlio, mdomo unaufanya neno. Mtu hahitaji sauti yake hata kidogo. Wakati ule sikuliona hilo kuwa ajabu.

Kuhusu simu, mwambie Mama mstari wa chuo umeharibika.

Mdogo wako,
Mrija


3 Machi 1991

Mrija,

Mstari wa chuo umeharibika, na mji mzima hauna simu nyingine? Posta wamehama? Mtu mzima akidanganya, angalau ajitahidi.

Nimemsomea Mama barua zako zote mbili, pamoja na hilo la sanduku. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na sauti yake iko wapi?" Nikamwambia hii ndiyo barua, Mama, ni maneno yake. Akasema, "Haya ni maneno yake kwa sauti yako. Mimi nimezaa watoto wawili, sioni sura zao tena, nimebakiwa na sauti mbili. Moja naisikia kila siku ikinikemea nimeze dawa. Nataka nyingine."

Basi sikiliza. Jumamosi tarehe tisa, saa nne asubuhi, nitamkalisha Mama duka la dawa kando ya simu. Utapiga. Ukimaliza kuongea na mama yako ndipo mimi na wewe tuzungumze habari za masanduku. Usipopiga, usiniandikie tena.

Dada yako


10 Machi 1991

Mrija,

Simu iliita saa nne na dakika mbili. Mama aliinyakua kabla mwenye duka hajanyoosha mkono.

"Haloo," akasema. Kimya. "Haloo, nani?" Kukawa na kitu kama mtu anafungua na kufunga midomo. Halafu ko, ko, ko, kama kucha juu ya meza. Mama akauliza tena, "Nani?" Mara ya tatu akauliza polepole sana, kama anayemwuliza mgonjwa. Ko, ko, ko. Kisha ikakatwa.

Tulikaa pale hadi saa sita, labda ungepiga tena. Mwenye duka alituletea maji.

Kama si wewe, basi hukupiga. Kama ni wewe, huo ni utani wa namna gani wa kumfanyia kikongwe asiyeona? Tulirudi nyumbani. Alipofika kitandani akasema, "Baba yenu alianza hivyohivyo." Sijui alimaanisha nini na sikutaka kumwuliza.

Nimekasirika sana nawe.

Dada yako


14 Machi 1991

Wifi yangu mpendwa,

Naandika bila ndugu yako kujua. Yuko chuoni, mimi nimeiacha suruali ya mtu nusu imeshonwa. Ameniapisha nisiseme, na nilitii miezi mitano, lakini jana nimeikuta barua yako chini ya mto na nimeona kunyamaza sasa ni dhambi.

Aliyepiga simu ni yeye. Hakufanya utani. Hana sauti.

Oktoba walimkuta na uvimbe kooni. Mwezi uleule wakampasua, wakatoa zoloto lote, yaani pale sauti inapotengenezwa. Uvimbe wameumaliza, daktari ana matumaini mazuri. Lakini sasa anapumulia kwenye tundu dogo hapa mbele ya shingo. Hewa haipandi tena mdomoni. Midomo inacheza, ulimi unacheza, ukimtazama unaweza kumsoma karibu kila neno, ila hakuna kinachosikika. Mimi nimezoea kumtazama. Mama hawezi kumtazama.

Siku ile posta nilikuwa naye. Alinisihi tupige hata hivyo. Alidhani Mama angemtambua kwa namna fulani, mimi sijui kwa namna gani. Nilitaka kuichukua simu niseme, akanizuia kwa mkono. Mnamkumbuka Baba yenu: koo lilimkauka, akanyamaza wiki mbili, akafariki. Anasema Mama akisikia mwanawe amenyamaza atahesabu siku na kuanza kuomboleza.

Hospitali walimjaribishia kifaa fulani cha kubonyeza shingoni kinachonguruma. Ngozi yake imekakamaa kwa miale ya matibabu, mlio haukupenya. Siku hiyo alichukua daftari akaniandikia: "Sauti ikikataa kupita shingoni, na ipite mdomoni. Dada anajua."

Ndiyo maana anataka sanduku. Sasa unajua.

Wifi yako


18 Machi 1991

Mdogo wangu,

Usimgombeze mkeo. Angechelewa wiki moja zaidi, ningekuwa nimekwisha kukuapiza, na laana ya dada si kitu cha kuomba radhi kwa barua.

Nimelia, nimemaliza, nimenawa. Mama sijamwambia. Aliniuliza mbona macho yangu yanasikika, nikasema ni moshi wa risasi ya kulehemu.

Sanduku linakuja na basi la Alhamisi. Sasa soma pole pole, kwa sababu lazima nikuambie jambo, na baada ya hapo huenda usitake ushauri wangu, kwa hiyo ushauri nautanguliza.

Waya kutoka kwenye kikuza sauti chomeka nyuma ya sanduku. Ukikanyaga kanyagio, spika inanyamaza na mlio wote unaingia kwenye kitako cha honi. Ukikanyaga tena unarudi kwenye spika. Mrija wa zamani ulikuwa umegeuka manjano, nimenunua mpya. Nimeukata usizidi urefu unaohitajika, maana kila unaporefuka unakula milio ya juu, na milio ya juu ndiyo inayobeba maneno. Ufunge kwa utepe kwenye mti wa maikrofoni, ncha yake ipite maiki kwa urefu wa kidole. Usiung'ate katikati kama mtoto wa chupa. Utie pembeni, ufike karibu na magego, ulimi ubaki na nafasi. Midomo iwe karibu kuigusa maiki, kwa sababu gitaa halitatokea popote pengine. Linatoka mdomoni mwako, na maiki ndiyo inayolipeleka kwa watu.

Weka gitaa likwaruze. Mkwaruzo unajaza mlio vitu vingi, mdomo unapata cha kuchagua. Mlio safi ni kama ukuta mweupe, huwezi kuutia kivuli. Anza na a, e, i, o, u kwenye nota moja iliyovutwa, bila kugusa kidole kingine. Nota haibadiliki, ila mdomo ukipanuka ni a, ukichongoka ni u. Kisha jaribu ma: funga midomo juu ya mrija, mlio utapita puani, halafu fungua. Kila silabi idonoe upya kwa mkono wa kulia. Lugha yetu ina bahati, kila neno linaishia mdomo wazi. Na anza na sauti ndogo, la sivyo meno yatacheza ngoma mpaka kwenye fuvu.

Bezi punguza. Ndani utaona kapasita ya njano. Hiyo inazuia milio mizito isifike kwenye utando, maana utando ule ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Usiitoe hata ukisikia sauti yako ni nyembamba. Usiitoe.

Sasa hilo jambo. Utalichomeka na litalia. Halijawahi kuungua.

Mwaka sabini na sita, siku ya uwanja, mchana ule nilisoma gazeti. Ulisema, "Sanduku hili nimeliunda kwa mikono yangu." Nililiunda mimi, Mrija, miezi minne, kwenye meza ya chakula, nikaungua vidole viwili. Jioni nikakaa nyuma ya mashine ya kuchanganyia sauti. Ulipofika kwenye kipande chako, ukakanyaga, spika ikanyamaza, ukatia mrija mdomoni, nami nikateremsha kitufe cha maiki yako hadi sifuri. Nilitaka iwe dakika moja, uone huwezi kitu bila mimi. Watu wakaona mtu mzima ananyonya mpira bila mlio, wakaanza kucheka, na mimi nikashindwa kurudisha mkono. Ukashuka jukwaani. Ulipokuja kuniuliza nilisema bezi lako limeliunguza, ukaamini, kwa sababu kweli ulifungulia bezi. Hukushika gitaa tena, na mimi kila mwezi niliahidi moyoni nitakuambia.

Sikukuambia. Ndiyo hivyo.

Dada yako


29 Machi 1991

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano mke wangu aliificha.

Miaka kumi na tano niliamini kwamba mimi ni mtu wa kuunguza vitu. Oktoba, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na karatasi mkononi, nilichowaza kwanza si kifo. Niliwaza, "Umeunguza na hii." Kisha nalichomeka sanduku, nakanyaga, na linalia kama jana. Nilikaa sakafuni, nikatamani kulipiga ukutani. Nina hasira, Dada, na sina hata sauti ya kuipigia kelele. Naomba uelewe kwamba nina hasira.

Ile ya gazeti ni kweli. Mwandishi aliuliza, "Nani ameliunda?" Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "Dada," nikasema "Mimi." Nilijua siku ileile kwamba umeliona, kwa sababu hukunichekea mchana wala jioni. Sikukuomba radhi. Kwa hiyo kila mmoja wetu alilifunga domo lake. Lako lilifunga na langu.

Nimefanya mazoezi siku nane. Nilianza kwa kufanya kosa la kitoto: nilikaa bila maiki, nikamwuliza mke wangu anasikia nini, akasema anasikia nyuki ndani ya mtungi. Nikaazima maiki na spika ya matangazo ya chuo. Sasa akinigeuzia mgongo anapata maneno matatu kati ya manne. Irabu ni rahisi kama ulivyosema. M na n zinapita puani vizuri. P na k zinatoka nikifunga na kudonoa kwa pamoja. Inayonisumbua ni s, kwa sababu haihitaji mlio, inataka hewa, na hewa yangu yote inatokea shingoni. Najaza mashavu hewa kidogo naibana kwenye meno, inatoka.

Kapasita sijaigusa. Niliitazama sana. Nilitaka sauti yangu ile nzito ya kufundishia, Mama aitambue. Halafu nikagundua jambo: nikidonoa waya mzito huku kuna mkwaruzo, sikio linausikia uzito hata kama sanduku limeuzuia. Linajaziliza lenyewe. Ulijua hilo?

Na kithembe changu bado kipo. Zamani watu walilipenda gitaa lenye kithembe, lakini mimi nataka Mama asikie mtu mzima, siyo kichekesho cha jukwaani. Nafanya mazoezi ya kukiondoa. Karibu kimekwisha.

Tunakuja Jumamosi tarehe kumi na tatu. Usimwambie Mama lolote, nataka nimwambie mwenyewe. Lete maiki nzuri na spika moja, sebule ile ni ndogo na maiki itataka kupiga mluzi. Na hapa ndipo sina ujanja: mikono miwili iko kwenye gitaa, mguu uko kwenye kanyagio, mdomo una mrija. Hakuna kiungo kilichobaki cha kushika kitufe cha maiki. Mke wangu hakijui, anaogopa hata redio.

Kitashikwa na wewe.

Mrija


21 Aprili 1991

Mwanangu,

Barua hii naisema mimi, dada yako anaiandika. Nimemwapisha aandike kila neno, hata yale asiyoyapenda. Amekubali, ila kalamu yake imeanza kukwaruza kwa hasira, naisikia.

Wewe siku ile ulikuwa unaona, mimi nilikuwa nasikia tu, kwa hiyo acha nikueleze nilivyosikia.

Nilisikia basi limefika. Nikasikia hatua zako, nikajua ni wewe, nikasubiri unisalimie. Ukanishika mikono, ukaibusu, hukusema kitu. Nikamsikia mkeo anavuta makamasi. Nikasema moyoni, kuna msiba. Kisha vyuma vikaanza kugongana, waya zinaburutwa, dada yako anasema "moja, mbili, moja, mbili," nikajiuliza, msiba gani unaofungiwa spika?

Halafu kukatoka mlio. Ukasema, nimekuja kuelewa baadaye kwamba ni wewe, "Mama, ni mimi mwanao." Maneno niliyasikia. Lakini lilikuwa li-sauti limenyooka, safi, kama la mtu wa taarifa ya habari, tena dogo, linatokea mbali. Nikasema, "Zimeni hiyo redio, nataka kuongea na mwanangu." Usinilaumu. Mtu haambiwi.

Ukarudia, ukijikaza zaidi, umelinyoosha zaidi. Nikamwuliza dada yako, "Huyo anayesoma ni nani?" Yeye alikuwa amekishika kitufe chini kabisa kwa kuogopa mluzi. Sasa amenieleza kwamba hakuogopa mluzi peke yake. Amenieleza habari ya uwanja, yote, akilia mapajani mwangu kama mtoto. Nimemwambia alikukosea sana. Nimemwambia na wewe ulimkosea. Mnatosheana, na mimi si hakimu.

Nirudi kwenye sebule. Hapo ndipo ulipokasirika. Mlio ukadonolewa kwa nguvu, ukasema, "Dada, ongedha!"

Mwanangu! Mtu aliyekuwa anasukuma sahani mezani akiwa na miaka mitatu, amekula na bado anataka, akasema "ongedha," ni mmoja tu katika dunia hii. Niliomba kwa miaka kile kithembe kikutoke. Nashukuru sikusikilizwa. Wamekukata koo, wamechukua sauti, na ulimi wamekuachia ni uleule niliouzaa mimi. Dada yako akapandisha kitufe, ukasema tena "ongedha," akapandisha, madirisha yakalia, na mimi nikasimama bila fimbo nikakufuata mpaka nikakufikia. Nilikung'oa mrija mdomoni, samahani, nilitaka kukushika uso. Nikashuka shingoni, nikakuta tundu na kitambaa chake, na pumzi inatoka pale ya moto. Nikaelewa. Baba yako alinyamaza, akaenda. Wewe umenyamaza, ukaja. Hayo si mamoja, na siombolezi.

Kisha ukarudisha mrija tukaongea hadi jua likazama, na hukujibidiisha tena kunyoosha neno hata moja. Usilinyooshe tena. Ule mlio wako, kama nilivyowaambia tangu zamani, ni makelele matupu, lakini anayeongea humo ndani namjua.

Najua huwezi kubeba madude yale mpaka posta. Basi wewe piga simu tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama zamani. Gonga mara tatu. Nitajua ni nani, na nitaongea mimi. Nina mengi, na mwenye duka ameshazoea kukohoa.

Mama yako

Na mimi mwandishi naongeza mstari mmoja, Mama amekwenda kulala. Mashine yangu ya kuchanganyia sauti bado iko sebuleni, sijaifunga. Kitufe cha maiki yako kiko palepale nilipokipandisha. Nikipangusa vumbi, napangusa pembeni yake.

Dada yako, aliyeliunda